Kugeuza Hesabu za Kampuni Tanzu ya Nchi ya Nje: Tofauti ya Sarafu Iandikwe Wapi?

Mtu anayetoka Kingerikiti akashuka hadi Mbamba Bay, kisha akavuka Ziwa Nyasa kwenda Nkhata Bay upande wa Malawi, akifika huko hufanya jambo moja kabla ya yote: anatafuta kwacha. Anatoa shilingi, anapokea kwacha. Huku ni kubadilisha fedha. Fedha moja imeondoka mkononi na nyingine imeingia.

Somo hili linahusu jambo linalofanana na hilo kwa sura tu. Kampuni ya Tanzania ikiwa na kampuni tanzu Malawi, mwisho wa mwaka hupokea hesabu zilizoandikwa kwa kwacha. Ili ziunganishwe na hesabu za kampuni mama, lazima zisomeke kwa shilingi. Hakuna noti inayobadilishwa. Mtambo unabaki Nkhata Bay na fedha za benki zinabaki benki kulekule. Kinachofanyika ni kugeuza hesabu, yaani kueleza mambo yaleyale kwa sarafu nyingine. Katika sura hii nitatumia neno "kubadilisha" kwa fedha zinazotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na "kugeuza" kwa tarakimu za kwenye karatasi. Ukishika tofauti hiyo, swali la mahali pa kuandika tofauti ya sarafu halitakusumbua.

Usidhani jambo hili ni la mbali. Benki ya CRDB, ambayo kundi lake hutoa hesabu kwa shilingi, ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012 na Kongo tangu 2023. Tanzania imefuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu Julai 2004, na kinachotawala kazi hii ni Kiwango namba 21.

Kwanza: kampuni tanzu inaishi kwa sarafu gani?

Kabla ya kuzidisha namba yoyote, amua sarafu ya utendaji ya kampuni tanzu. Hii ni sarafu ya mazingira ambamo kampuni hupata na kutumia fedha zake. Jiulize: bei za bidhaa zake zinapangwa na soko la nchi gani? Mishahara, kodi ya pango na umeme hulipwa kwa sarafu gani? Ikipata faida, inaizungusha hukohuko au inaituma nyumbani mara moja?

Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa sababu swali la mtihani huitoa jibu tayari. Katika kazi halisi ndiyo hatua nzito kuliko zote, na nitairudia baadaye, maana ikibadilika, kila kitu kinachofuata kinabadilika. Kwa sasa tuchukue kwamba kampuni tanzu yetu inauza kwa Wamalawi, inaajiri Wamalawi na inajiendesha yenyewe. Sarafu yake ya utendaji ni kwacha.

Mfano

Kampuni moja ya Mbinga ilianzisha kampuni tanzu Nkhata Bay tarehe 1 Januari. Inaimiliki yote. Ilipeleka mtaji wa kwacha milioni 100. Siku hiyo kwacha moja ilikuwa Sh. 2.20, hivyo mtaji uligharimu Sh. milioni 220. Kwa miezi kumi bei ya kwacha iliyumba kidogo tu kuzunguka Sh. 2.10. Kisha mwanzoni mwa Novemba ilishuka kwa siku moja hadi Sh. 1.50 na ikabaki hapo hadi 31 Desemba.

Kampuni hii na bei hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini mporomoko wa namna hii si wa kubuni. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kutoka takribani kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja. Tangazo lilitaja asilimia 44. Hapo kuna mtego mdogo wa hesabu: kilichopanda kwa asilimia 44 ni bei ya dola. Kwacha yenyewe ilipoteza karibu asilimia 31 ya thamani yake, kwa sababu 1,180 ukigawa kwa 1,700 unapata takribani 0.69. Ukiambiwa sarafu "imeshushwa kwa asilimia kadhaa", uliza kwanza kilichopimwa ni nini.

Turudi kwenye mfano wetu. Kanuni za kugeuza ni tatu. Mali na madeni yote hugeuzwa kwa bei ya kufungia mwaka, hapa 1.50. Mapato na gharama hugeuzwa kwa bei ya siku ya kila muamala, lakini kwa kuwa miamala ni mingi, huruhusiwa kutumia wastani kama unawakilisha ukweli. Mtaji hubaki kwa bei ya siku ulipotolewa, hapa 2.20.

Wastani wa mwaka ni miezi kumi kwa 2.10 na miezi miwili kwa 1.50. Yaani (21 + 3) ÷ 12 = Sh. 2.00. Usijumlishe bei ya mwanzo na ya mwisho ukagawa kwa mbili: utapata 1.85, namba inayodai kwamba kwacha ilishuka polepole mwaka mzima, jambo ambalo halikutokea.

Taarifa ya mapato (milioni):

| | Kwacha | Bei | Shilingi |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 300 | 2.00 | 600 |
| Gharama ya mauzo | (210) | 2.00 | (420) |
| Faida ghafi | 90 | | 180 |
| Gharama za uendeshaji | (60) | 2.00 | (120) |
| Kodi | (10) | 2.00 | (20) |
| Faida ya mwaka | 20 | | 40 |

Mizania tarehe 31 Desemba (milioni):

| | Kwacha | Bei | Shilingi |
|---|---|---|---|
| Mtambo | 80 | 1.50 | 120.0 |
| Bidhaa ghalani | 30 | 1.50 | 45.0 |
| Wadaiwa | 25 | 1.50 | 37.5 |
| Benki | 15 | 1.50 | 22.5 |
| Jumla ya mali | 150 | | 225.0 |
| Wadai | (30) | 1.50 | (45.0) |
| Mali halisi | 120 | | 180.0 |
| Mtaji | 100 | 2.20 | 220.0 |
| Faida ya mwaka | 20 | 2.00 | 40.0 |
| Tofauti ya kugeuza | – | | (80.0) |
| Jumla | 120 | | 180.0 |

Kwa kwacha mizania ilikuwa sawa. Kwa shilingi haikai sawa mpaka tuweke (80). Mwanafunzi anayeona pengo hili kwa mara ya kwanza huanza kutafuta kosa lake. Hakuna kosa. Tumetumia bei tatu tofauti katika karatasi moja, hivyo pande mbili haziwezi kulingana.

Hakiki, usijazie pengo

Hatari ni kwamba namba inayopatikana kwa kujazia pengo humeza makosa yote. Ukiwa umekosea kuzidisha wadaiwa, kosa litaingia ndani ya tofauti ya kugeuza na mizania itakaa sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo tofauti lazima ikokotolewe upya kwa njia nyingine, isiyotegemea mizania.

Fikiri hivi. Mwaka ulianza na mali halisi ya kwacha milioni 100, tuliyoihesabu kwa 2.20. Mwisho wa mwaka kwacha hizohizo milioni 100 tunazihesabu kwa 1.50. Kila kwacha imeshuka kwa senti 70, hivyo tofauti ni 100 × 0.70 = Sh. milioni 70. Ndani ya mwaka ikaongezeka faida ya kwacha milioni 20, tuliyoiandika kwa 2.00, lakini mwisho wa mwaka nayo imo ndani ya mali halisi inayohesabiwa kwa 1.50. Tofauti ni 20 × 0.50 = Sh. milioni 10. Jumla ni Sh. milioni 80, ileile.

Ukipata namba mbili zisizolingana, kuna bei uliyoitumia mahali pasipo pake, na mara nyingi ni mtaji uliogeuzwa kwa bei ya kufungia. Mtaji unabaki 2.20 kwa sababu katika vitabu vya kampuni mama kuna uwekezaji wa Sh. milioni 220, na wakati wa kuunganisha hesabu, namba hizi mbili lazima zifutane.

Milioni 80 ziende wapi?

Tuwape wanahisa wa Mbinga karatasi mbili waamue.

Katika karatasi ya kwanza, mhasibu ameandika Sh. milioni 80 kama hasara ndani ya taarifa ya faida na hasara. Faida ya 40 ukitoa 80 inabaki hasara ya 40. Wanahisa wanaona tawi linalokula fedha. Mtu atasimama mkutanoni kudai lifungwe na meneja wake afukuzwe. Lakini meneja huyo ameuza, amelipa wafanyakazi na kodi, na amebakiwa na faida ya kwacha milioni 20. Hakuna mteja aliyekataa kulipa wala mtambo ulioharibika.

Sasa geuza hali: kwacha ingepanda badala ya kushuka. Karatasi hiyohiyo ingeonyesha faida kubwa, na wanahisa wangedai gawio kutokana na fedha ambazo hazikuingia benki yoyote. Binafsi naliona kosa hili la pili kuwa baya zaidi, kwa sababu hakuna mtu analalamika wakati wa furaha.

Katika karatasi ya pili, faida inabaki Sh. milioni 40. Chini yake, katika sehemu ya mapato mengine jumuishi, inaandikwa tofauti ya kugeuza (80), na jumla ya mapato jumuishi inakuwa (40). Kwenye mizania, ile 80 inakaa ndani ya mtaji wa wamiliki, katika mfuko wake wenyewe unaoitwa akiba ya kugeuza sarafu, mbali na faida iliyolimbikizwa. Hii ndiyo njia ya Kiwango namba 21. Haifichi kitu: mwanahisa anaona kwamba Sh. milioni 220 alizopeleka, pamoja na faida ya 40, leo zinahesabika 180. Lakini haambiwi kwamba biashara imefanya vibaya.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama. Kanuni yake namba 8 ya 1975 ilipeleka tofauti za namna hii moja kwa moja kwenye faida ya kipindi, na faida za kampuni kubwa zikawa zinapanda na kushuka kwa kufuata soko la sarafu badala ya biashara. Desemba 1981 kanuni hiyo iliondolewa, na namba 52 iliyochukua nafasi yake ikazipeleka tofauti hizo kwenye mtaji wa wamiliki.

Kama kampuni mama ingemiliki asilimia 70 tu, tofauti ingegawanywa vilevile: Sh. milioni 56 kwenye akiba ya kundi, na 24 kwenye fungu la wanahisa wachache.

Usichanganye na deni la kwacha

Tuseme kampuni mama yenyewe, kutoka Mbinga, ilimuuzia mfanyabiashara wa Nkhata Bay mzigo wa kwacha milioni 10 kwa mkopo, wakati kwacha ni Sh. 2.10. Iliandika mdaiwa wa Sh. milioni 21. Alipolipa Desemba, kwacha milioni 10 zilibadilishwa kwa 1.50 zikawa Sh. milioni 15. Sh. milioni 6 zimepotea, na hasara hii inaandikwa ndani ya faida na hasara bila mjadala.

Kwa nini hii iende huko na ile 80 isiende? Kwa sababu kampuni ya Mbinga inaishi kwa shilingi na ilikuwa na haki ya kupokea fedha ambazo zimepungua kweli. Deni limelipwa na shilingi hazikutosha. Katika kampuni tanzu, hakuna aliyebadilisha chochote. Mtambo unaendelea kusaga, na mapato yake yatakuja kwa kwacha ili yatumike kwa kwacha.

Kama sarafu ya utendaji ingekuwa shilingi

Sasa turudi kwenye ile hatua ya kwanza. Tuseme ofisi ya Nkhata Bay ni duka tu la kuuzia bidhaa zinazotoka Mbinga. Bei zinapangwa Mbinga kwa shilingi, na fedha zikipatikana hutumwa nyumbani wiki hiyohiyo. Ofisi hiyo ni mkono wa kampuni mama ulionyooshwa ng'ambo ya ziwa, na sarafu yake ya utendaji ni shilingi, hata kama vitabu vinaandikwa kwa kwacha.

Hapo kanuni hubadilika. Fedha taslimu, wadaiwa na wadai hugeuzwa kwa bei ya kufungia. Lakini mtambo, na bidhaa zilizopimwa kwa gharama, hubaki kwa bei ya siku viliponunuliwa. Tukichukua kwamba kwacha milioni 80 za mtambo ni gharama yake ya tarehe 1 Januari bila uchakavu, tungeuandika Sh. milioni 176, si 120. Tofauti inayobaki hutokana na vitu vya fedha pekee, na hiyo huenda kwenye faida na hasara.

Kampuni ileile na mwaka uleule, lakini tofauti inahama kutoka taarifa moja kwenda nyingine kwa sababu ya uamuzi wa sarafu ya utendaji. Ndiyo maana mkaguzi hutaka kuona ushahidi wa uamuzi huo, na hukunja uso akiona kampuni imebadilisha sarafu ya utendaji mwaka uleule ambao kwacha imeporomoka. Kiwango kinaruhusu mabadiliko hayo pale tu mazingira ya biashara yenyewe yamebadilika.

Wastani unapodanganya

Tulitumia 2.00 kwa mauzo yote. Hiyo ni sawa kama kampuni inauza kiasi kinacholingana kila mwezi. Lakini kama nusu ya mauzo, kwacha milioni 150, yalifanyika Novemba na Desemba baada ya kwacha kushuka, basi mauzo kwa shilingi ni (150 × 2.10) + (150 × 1.50) = 315 + 225 = Sh. milioni 540. Wastani wa mwaka ungetupa 600, yaani milioni 60 zaidi ya ukweli. Bei ikiruka kwa siku moja, geuza mwezi kwa mwezi.

Kuna hali ambayo kanuni hizi hazitoshi. Tarehe 15 Desemba 2015 Sudan Kusini iliacha pauni yake ielee, ikatoka karibu pauni 3 hadi 18.5 kwa dola moja, na mwaka uliofuata nchi ikahesabiwa kuwa na mfumuko wa bei uliokithiri. Benki za Kenya zenye kampuni tanzu Juba zililazimika kwanza kurekebisha hesabu za huko kwa fahirisi ya bei, kwa Kiwango namba 29, ndipo zigeuzwe zote kwa bei ya kufungia, mapato na gharama vikiwemo.

Siku kampuni tanzu inapouzwa

Akiba ya kugeuza haikai kwenye mtaji milele. Tuseme kampuni tanzu yetu inauzwa tarehe 1 Januari mwaka wa pili kwa Sh. milioni 200. Mali yake halisi ni 180, kwa hiyo mwanzo inaonekana kuna faida ya 20. Lakini siku hiyo ile (80) iliyolala kwenye akiba hutolewa na kuingizwa kwenye faida na hasara. Matokeo ya mauzo ni 20 – 80 = hasara ya Sh. milioni 60.

Angalia jinsi hesabu inavyofunga. Mwaka wa kwanza faida ilikuwa 40, na siku ya kuuza hasara ni 60. Jumla ni hasara ya 20. Na kweli kampuni ya Mbinga ilitoa Sh. 220 milioni, ikarudishiwa 200. Sasa fedha zimebadilishwa, na hasara imekuwa ya kweli.

Swali la kujipima

Kampuni tanzu haikuuzwa. Mwaka wa pili ilipata faida ya kwacha milioni 30 na haikulipa gawio. Bei ya wastani ilikuwa Sh. 1.40 na ya kufungia Sh. 1.30. Kokotoa tofauti ya kugeuza ya mwaka wa pili na bakaa ya akiba.

*Jibu.* Mali halisi ya mwanzo: 120 × (1.30 – 1.50) = (24). Faida ya mwaka: 30 × (1.30 – 1.40) = (3). Tofauti ya mwaka ni Sh. milioni (27), na bakaa ya akiba ni (80) + (27) = Sh. milioni (107). Hakiki: mali halisi ni 150 × 1.30 = 195. Mtaji 220, faida ya mwaka wa kwanza 40, faida ya mwaka wa pili 30 × 1.40 = 42, jumla 302; ukitoa 107 unapata 195. Ukipata jibu tofauti, angalia kama umegeuza upya faida ya mwaka wa kwanza kwa bei mpya. Ilishaandikwa Sh. milioni 40 na haiguswi tena.